Naomba msaada: barua pepe ya Kiingereza kwa muuzaji wa nje, ankara imechelewa (nina nukuu za Kiswahili tu)

MezaYaManunuzi
Jumanne 10 Juni 2025, saa 3 asubuhi

Wakuu habari za asubuhi. Nimepewa kazi ya kumwandikia muuzaji wetu wa nje kuhusu ankara iliyochelewa. Kiingereza nasoma vizuri, lakini nikianza kuandika kinatoka kama amri au kama kilio. Huyu muuzaji tunamhitaji, oda nyingine iko njiani, kwa hiyo sitaki kumuudhi. Nukuu nilizoandika kwenye kikao cha asubuhi ni hizi, nimeziacha kama zilivyo:

ankara mpaka leo hatujapata. mzigo umefika tangu tar. 3. walituma ile ya kwanza tu, forodha wameikataa. tumeshawaambia mara mbili, wiki iliyopita na juzi, kimya. ijumaa saa nane mwisho, baada ya hapo tunalipishwa kila siku. watume haraka ili tusilipe. bosi amekasirika sana. jina letu mwaka jana walikosea, wasirudie. katoni ni 240 si 250. tusiwakasirishe.

Na hii ndiyo rasimu yangu:

```
Dear Sir,
How are you and how is work? Until today we did not receive
the late invoice. You were told two times. Our boss is very
angry. Friday at 8 is the end. Please send fast so that we
don't pay. Sorry for disturbing.
```

Naomba mnisahihishie. Inatakiwa itoke leo.

FundiHesabu

Dada, ukichelewa kulipa usijitetee, kubali na upange tarehe. Muuzaji hataki kujua habari za bosi, anataka kujua hela inaingia lini. Andika hivi:

```
We apologise for the delay in settling your invoice.
Payment will be made by Friday.
```

Mambo ya forodha toa kabisa, hayamhusu.

MezaYaManunuzi

Kaka asante, lakini hatudaiwi. Tulishalipa asilimia mia kabla mzigo haujapakiwa. Ankara yenyewe ndiyo haijaja. Karatasi.

FundiHesabu

Basi nisamehe, nilikosea. Ila niseme nilivyokosea, huenda ikakusaidia. Rasimu yako inasema "late invoice", na mwishoni inasema "so that we don't pay". Nimekaa na ankara miaka mingi, na nikiona maneno hayo mawili kwenye barua moja najua mtu anadaiwa na hataki kulipa. Mhasibu wa huko kwa muuzaji atasoma kama nilivyosoma mimi.

KalamuMbili

FundiHesabu amekuonyesha tatizo kubwa kuliko sarufi. Mimi hutafsiri barua za biashara, na nikipokea nukuu kama zako sigusi Kiingereza kwanza. Naanza kwa kuuliza kila nukuu: nani anasema, nani anatenda, na msomaji ataona nini.

Chukua "ankara imechelewa". Sisi tukiambiana ofisini tunaelewana, kwa sababu wote tunajua mzigo umefika. Msomaji wa mbali hajui. Kwake ankara iliyochelewa inaweza kuwa ile ambayo hamjailipa, na ndiyo maana inayomjia haraka zaidi kwa sababu kazi yake ni kudai. Kwa hiyo neno "late" litoke lote. Sema kilichotokea: ankara haijatufikia.

Halafu "mpaka leo hatujapata". Hapa wengi wanateleza, na wewe umeteleza. Umeandika "Until today we did not receive". Kwa Kiingereza hiyo inadokeza kwamba leo mmeipata. Mtu anaweza kuisoma akashusha pumzi, akafunga barua. Unachotaka ni:

```
We have not yet received the commercial invoice.
```

Na angalia nimeweka "not yet", sikuweka "still haven't". Zote mbili unaweza kuzitafsiri kwa "bado", lakini "still" inabeba manung'uniko, kama mtu anayesema "yaani mpaka sasa?". Ile ya kwanza inaeleza hali tu.

"Ili tusilipe" nayo imekata kamba. Ulimaanisha tusilipe gharama za kuhifadhi mzigo. Kiingereza chako hakikutaja gharama hiyo, kwa hiyo kilichobaki ni kwamba hamtaki kulipa. Kitenzi "kulipa" katika barua kwa muuzaji kisikae peke yake hata siku moja.

KijanaWaStoo

Naongezea. Tumia "kindly" badala ya "please", ni ya adabu zaidi. "Kindly send the invoice and revert." Na nakala iende kwa mkurugenzi wao ili wajue hatutanii. Pia waambieni gharama za kuhifadhi watabeba wao. Ukiwabembeleza hawatumi.

KalamuMbili

"Kindly" si kosa. Lakini hailainishi kama unavyodhani. "Kindly send" bado ni amri iliyovaa kanzu, na kuna wasomaji wanaoisikia kama sauti ya afisa mwenye muhuri. "Revert" iache kabisa: kuna nchi wanaielewa kuwa ni kujibu, na kuna nchi ina maana moja tu, kurudia hali ya zamani. Muuzaji naye huenda Kiingereza amejifunza ukubwani kama sisi. Mpe neno ambalo halina pande mbili, "reply" linatosha.

Ulaini wa Kiingereza umo kwenye swali. Na hili si geni kwetu, tunalo ndani ya kitenzi. "Mtutumie ankara" na "mngetutumia ankara" ni adabu mbili tofauti, na kila mtu hapa anaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa. Hiyo -nge- ndiyo "Could you please send us". Kwa hiyo dada, kabla ya kutafsiri, andika upya nukuu zako kwa Kiswahili chenye adabu. "Hamjatuma" igeuze iwe "haijatufikia". "Tumeshawaambia" iwe "tuliwaandikia". Ukifika hapo Kiingereza kitakuja chenyewe kikiwa na upole wake, kwa sababu ulishaweka upole kwenye wazo.

MezaYaManunuzi

Nimeelewa hapo kwenye "haijatufikia". Sasa kama sitasalimia si nitaonekana sina adabu? Kwetu kuanza na shida moja kwa moja ni kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi.

KalamuMbili

Nakuelewa kabisa, na usione aibu kwa hilo. Lakini "How is work?" kwa mtu usiyemjua ana kwa ana inamchanganya, hajui kama anatakiwa ajibu. Hodi yako iwe shukrani ya jambo moja la kweli. Je, mzigo walipakia kwa wakati?

MezaYaManunuzi

Ndiyo, walipakia siku ileile waliyoahidi.

KalamuMbili

Basi hiyo ndiyo hodi. Wangekuwa wamechelewa kupakia, ningekwambia uiache, maana shukrani ya uongo inaonekana haraka kuliko tusi.

WakalaMkongwe

Nimepita nikaona forodha imetajwa. Kazi yangu ni kutoa mizigo. Barua inaweza kuwa na Kiingereza safi na bado ikaleta karatasi isiyofaa, kwa hiyo nina maswali mawili. Hiyo "ile ya kwanza" iliyokataliwa ni profoma? Na Ijumaa saa nane ni mwisho wa nini hasa?

MezaYaManunuzi

Ndiyo, ni profoma waliyotupa tulipoagiza. Ijumaa saa nane mchana ndipo siku za bure za kuhifadhi zinaisha. Baada ya hapo tunahesabiwa kwa siku.

WakalaMkongwe

Sawa. Profoma ni ahadi ya bei kabla ya mauzo. Forodha wanataka ankara ya mauzo yenyewe, ile inayosema kilichouzwa, kiasi, bei ya kila kimoja, jumla, sarafu, nani kauza na nani kanunua. Ukiandika "invoice" peke yake, karani wa huko atafungua faili lenu, ataona lile la profoma, atalituma tena na atakuwa amekujibu kwa moyo safi. Nimeliona hili mara nyingi sana, na kila safari linakula siku mbili. Andika "commercial invoice", na useme wazi kwamba profoma mnayo na haikubaliki.

La pili ni saa. Rasimu inasema "Friday at 8". Saa nane yetu ya mchana ni 14:00. Mgeni akiona 8 ataelewa saa mbili asubuhi, au saa mbili usiku. Lakini hata ukiandika 14:00 bado umekosea, dada yangu, kwa sababu huo ni muda wako wewe. Wakala wako akishapata ankara anaandaa tamko, linakaguliwa, ushuru unalipwa, ndipo mzigo unaachiwa. Kwa mzigo wa kawaida usio na ukaguzi mpe siku moja nzima, na hiyo ni kama hakuna kilichokwama. Muuzaji akikutumia Ijumaa saa sita mchana atakuwa ametimiza ulichoomba, na wewe utalipa gharama vilevile.

Mwombe Jumatano tarehe 11. Ikiteleza, una Alhamisi asubuhi kama akiba.

KalamuMbili

Na Jumatano iwe ya kwake. Andika "your time". Mtu akipewa saa za nchi nyingine inabidi apige hesabu, na akikosea hesabu si kosa lake. Tarehe nayo iandike kwa jina la mwezi. 11/06 kuna wanaoisoma kuwa tarehe 6 Novemba. "11 June" haina pa kupotelea. Jina la siku ongeza pia, litakulinda ukikosea tarakimu.

MlimaMrefu

Samahani kuingilia, lakini nataka kuwaonya. Sisi tuliwahi kusubiri ankara ya muuzaji wa nje hivihivi. Ilipokuja ikawa na akaunti mpya ya benki, na barua ikasema ya zamani iko kwenye ukaguzi. Tukalipa. Kumbe kuna mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe zao, anasoma kila kitu. Anwani ilifanana kila kitu isipokuwa herufi moja. Hela haikurudi hadi leo. Dada angalia sana hiyo akaunti.

MezaYaManunuzi

Pole sana ndugu yangu, hiyo inauma. Kwetu malipo yalishaenda, kwa hiyo hakuna kitu cha kulipa kwenye hii ankara.

FundiHesabu

Hata hivyo aliyosema yashike kwa oda ijayo. Akaunti ikibadilika unapiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si namba iliyo kwenye barua hiyo. Na usiithibitishe kwa kujibu barua ileile, maana anayejibu anaweza kuwa mwizi mwenyewe.

KijanaWaStoo

Mnarudi kwenye upole lakini hamjajibu hoja yangu. Wamekumbushwa mara mbili wakanyamaza. Kwa nini asiwaambie gharama ni juu yao?

WakalaMkongwe

Kijana ana haki kwa sehemu. Kutoa ankara ya mauzo ni wajibu wa muuzaji. Ukifungua Incoterms 2020, zile kanuni za kimataifa za mauzo, kanuni zote 11, kuanzia EXW hadi DDP, zinaanza na sharti hilohilo upande wa muuzaji: atoe bidhaa na ankara ya mauzo kulingana na mkataba. Kwa hiyo hamwombi hisani. Lakini kudai gharama ni jambo jingine, linataka mkataba usomwe, tarehe zipangwe, na gharama ziwe zimeshatokea. Leo hazijatokea.

KalamuMbili

Na ukichanganya ombi na dai kwenye barua moja, barua itatoka kwenye meza ya karani anayeweza kukutumia faili kwa dakika kumi, itapanda kwa meneja, halafu kwa mwanasheria. Kila mmoja ataiweka kwanza. Ndivyo nakala kwa mkurugenzi inavyofanya pia. Unapata umakini wao, unapoteza Jumatano.

Sasa hizo mara mbili. Dada, ulisema "wiki iliyopita na juzi". Tarehe gani?

MezaYaManunuzi

Wiki iliyopita ilikuwa Jumatano tarehe 4. Juzi ilikuwa Jumapili tarehe 8, nilifanya kazi nyumbani.

KalamuMbili

Jumapili. Basi kama ofisi yao hufungwa Jumapili, barua ya pili wameiona jana Jumatatu, na leo ni Jumanne. Wamekuwa nayo siku moja ya kazi. "You were told two times" ingekuwa imewashutumu kwa kimya ambacho nusu yake ni wikendi. Na "you were told" yenyewe ni maneno ya mwalimu kwa mtoto.

Ushauri wangu, usihesabu mara. Ijibu barua yako ya tarehe 4 hiyohiyo, ya zamani ibaki chini yake. Akishuka chini ataziona tarehe mwenyewe, bila wewe kusema neno.

KijanaWaStoo

Mimi ningezitaja. Mtu asipoona umehesabu anadhani hujali.

KalamuMbili

Kwenye barua ya nne nitakubaliana nawe. Kwa hii ya leo, hapana. Tuache hapo.

Dada, hasira ya bosi nayo iondoke. Si kwa sababu ni siri. Msomaji hawezi kufanya lolote nayo. Weka mahali pake sababu anayoweza kuitumia: siku za bure zinaisha Ijumaa. Hilo linaeleza haraka yenyewe, na yeye ni mfanyabiashara, anajua maana yake. Na "Sorry for disturbing" ifute. Sisi "samahani kwa usumbufu" ni mafuta ya maneno tu, kwa Kiingereza unakiri umemkosea mtu. Hujamkosea.

Limebaki jina na katoni. Mwaka jana walikosea nini?

MezaYaManunuzi

Waliandika jina la kampuni bila neno la mwisho, ikalingana na kampuni nyingine kabisa. Tulihangaika wiki. Katoni, tuliagiza 250, wakaishiwa, tukakubaliana kwa barua pepe wapakie 240. Profoma bado inasema 250. Orodha ya upakiaji na hati ya shehena zote zinasema 240.

WakalaMkongwe

Hayo mawili yaandike lazima. Ankara ikisema 250 na hati ya shehena 240, ofisa ataanza kuuliza hizo kumi ziko wapi, na ana haki ya kuuliza. Ila usitaje makosa ya mwaka jana. Waambie jina liwe kama lilivyo kwenye hati ya shehena. Wataifungua, watanakili herufi kwa herufi.

KalamuMbili

Nimeiunganisha. Isome kwa sauti, na ukiona sentensi ambayo usingeitetea mbele ya mtu, ibadilishe.

```
Subject: PO 1187 - commercial invoice needed by 11 June

Dear ...,

Thank you for shipping PO 1187 on time. The goods arrived
on 3 June.

We have not yet received the commercial invoice for this
order. We have only the proforma, which customs cannot accept.

Could you please email us the commercial invoice as a PDF by
the end of Wednesday, 11 June (your time)? Our free storage
ends on Friday, 13 June, and our agent needs a full day to
clear the goods.

Please show our company name exactly as on the bill of lading,
and the shipped quantity of 240 cartons.

If you have already sent it, could you tell me which address
it went to?

Kind regards,
```

Mstari wa mada una namba ya oda, kitu kinachotakiwa na tarehe. Mtu akiamka na barua mia moja, huo peke yake unamtosha kujua cha kufanya. Namba ya oda nimeiweka 1187, weka yenu ya kweli.

Ule mstari wa mwisho kabla ya jina lako usiuondoe hata ukiona barua ni ndefu. Unamwachia mtu mlango. Kama alisahau, atatuma kimyakimya bila kuaibika. Na kama kweli alishatuma, hujamwita mzembe.

FundiHesabu

Mimi ningebadilisha "Dear" iwe na jina la mtu. Ankara haitolewi na "Sir". Angalia nani alisaini profoma.

MezaYaManunuzi

Nimeliona jina, ni mwanamke kumbe, na mimi nilimwita "Sir" barua mbili. Natuma sasa hivi. Asanteni mno.

MezaYaManunuzi
Jumatano 11 Juni, saa 11 jioni

Wakuu nimerudi. Alijibu ndani ya saa chache, kwa upole sana. Ankara ilikuwa imetumwa tarehe 5 Juni, lakini kwa anwani ya mwenzetu aliyeacha kazi mwezi wa tatu. Ndiyo anwani waliyokuwa nayo kwenye faili. Nilipoisoma niliwaza rasimu yangu ya jana nikashukuru haikutoka.

Sasa shida mpya. Ankara inasema katoni 250. Jina liko sawa. Na nikiri, kosa ni langu: kabla ya kutuma niliuondoa mstari wa katoni. Niliona barua imerefuka, nikabakiza jina tu. Kanitumia ileile ya tarehe 5.

WakalaMkongwe

Usimpe wakala wako hiyo akaanza nayo kazi. Ikishaingia kwenye mfumo, kuibadilisha ni safari nyingine. Omba iliyosahihishwa leo hii. Na ulilipia ngapi, 250 au 240?

MezaYaManunuzi

Tulilipia 250 kabla, zile kumi wakasema zitakatwa kwenye oda ijayo.

WakalaMkongwe

Basi jumla ya ankara nayo ibadilike ifuate 240, isibaki ya 250 chini ya kiasi kipya. Lisipotajwa, karani atabadilisha tarakimu moja na kuacha nyingine.

FundiHesabu

Na waombe wafute ile ya kwanza na kutoa mpya yenye namba mpya. Ankara mbili zenye namba moja na jumla tofauti zitawasumbua wakaguzi wao na wenu. Zile kumi mlizolipia waziandikie hati ya salio pembeni.

WakalaMkongwe

Hapo sikubaliani. Kama namba ya ankara imeshatajwa kwenye hati nyingine za mzigo, namba mpya itazua swali jipya. Mimi napenda namba ileile, iandikwe kuwa imesahihishwa.

FundiHesabu

Kwa vitabu vya muuzaji hilo linaweza kukataliwa na mfumo wao wenyewe. Kuna mifumo ukishatoa ankara haikuruhusu kuigusa.

KalamuMbili

Ninyi wawili mnaona pande mbili za karatasi moja, na anayejua mfumo wa muuzaji ni muuzaji. Dada, usimwamulie namba. Mweleze tofauti, muombe sahihisho, kosa la kuondoa mstari libebe wewe kwa maneno machache:

```
Thank you for your quick reply, and I am sorry that you had
our old address. Please use this one from now on.

The invoice shows 250 cartons, but the packing list and the
bill of lading show 240. I should have mentioned this yesterday.

Could you please send us a corrected invoice for 240 cartons,
with the total changed to match? The 10 paid cartons can stay
as credit for our next order, as agreed.
```

Hapa "I am sorry" ina kazi, kwa sababu safari hii kosa lipo upande wenu. Ijibu barua yake hiyohiyo ili namba ya oda ibaki juu.

KijanaWaStoo

Na muda? Kesho ni Alhamisi.

KalamuMbili

Kweli, nimepitiwa. Ongeza mwishoni, "If you could send it by Thursday morning, 12 June (your time), we can still clear the goods by Friday."

MezaYaManunuzi

Nimetuma, na safari hii sijaondoa hata mstari mmoja. Kwao sasa ni usiku. Nimemwambia wakala wetu aandae vingine vyote, abakize nafasi ya ankara tu. Nitawaambia ikija na namba gani.